Matege ya Mtoto: Ukuaji wa Kawaida au Ugonjwa wa Blount?

Karibu kila mtoto huzaliwa na matege. Akianza kusimama, vifundo vya miguu hugusana na magoti huachana, na hali hiyo huendelea mpaka anapokaribia umri wa miaka 2. Hapo miguu hunyooka, kisha hupitiliza: kati ya miaka 3 na 4 magoti hugusana na vifundo huachana. Kufikia miaka 6 au 7 mtoto huwa na mguu unaofanana na wa mtu mzima. Mwendo huo ulipimwa nchini Finland na Salenius na Vankka, waliochapisha matokeo yao mwaka 1975. Mtoto anayeufuata hahitaji vyuma, viatu maalumu wala kukandwa miguu. Atanyooka mwenyewe, na aliyemkanda atapata sifa za bure.

Ugonjwa wa Blount, uliopewa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1937, huacha njia hiyo. Juu ya mfupa wa goko, chini kidogo ya goti, kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo linalorefusha mfupa. Uzito ukilemea mno upande wake wa ndani, upande huo hupunguza kukua ilhali wa nje unaendelea, na goko hupinda. Kadiri linavyopinda ndivyo uzito unavyozidi kuangukia upande uleule dhaifu. Wanaopata zaidi ni watoto wanene na walioanza kutembea mapema, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Macho peke yake huona mengi. Matege ya kawaida huwa mpindo mpole unaoanzia pajani mpaka kwenye goko, na miguu yote miwili hufanana. Katika ugonjwa wa Blount mguu huvunjika kona ghafla chini ya goti, mara nyingine mguu mmoja tu, na mtoto akikanyaga goti huchomoka kwa nje. Ishara hii ya mwisho ndiyo isiyofaa kupuuzwa. Vifundo vya mikono vikiwa vimevimba pia, ni lazima matege ya ukosefu wa vitamini D yachunguzwe kwanza, kwani tiba yake ni nyingine kabisa.

Kinachobaki huamuliwa kwa eksirei, mtoto akiwa amesimama na magoti yakitazama mbele. Kwenye picha, mstari mmoja hupitishwa kwenye ncha mbili za sehemu pana ya juu ya goko, chini ya gegedu. Mwingine hufuata urefu wa mfupa, na wa tatu huukata huo kwa nyuzi 90. Pembe kati ya mstari wa kwanza na wa tatu ndiyo kipimo. Mwaka 1982 Levine na Drennan waliweka mpaka kwenye nyuzi 11, lakini baadaye ilionekana kwamba watoto wengi wazima huuvuka. Siku hizi pembe isiyofika 10 huchukuliwa kuwa ya kawaida, inayozidi 16 huelekea sana kuwa ugonjwa, na walio katikati hufuatiliwa. Mguu ukigeuzwa kidogo wakati wa kupigwa picha, nyuzi hubadilika, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtoto.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 20 mwenye nyuzi 13. Hafungwi chochote, hurudi baada ya miezi michache. Akiwa na miezi 28 pembe imefika 17, na ncha ya ndani ya goko imeanza kuchongoka kama mdomo wa ndege. Sasa ugonjwa upo, na huu ndio wakati wa vyuma: kifaa kinachoshika paja mpaka unyayo, goti likiwa limefungwa lisikunjike, ili uzito uondoke upande wa ndani. Huvaliwa hasa saa za kutembea, kwa takriban mwaka mmoja. Vyuma hufaa vikianza kabla ya miaka 3 na hatua zikiwa za mwanzo. Kwa mtoto mnene sana, au aliyepinda miguu yote miwili, hushindwa mara nyingi.

Vikishindwa, upasuaji usisogezwe mbele ya miaka 4. Daktari hukata goko chini ya gegedu pamoja na mfupa mwembamba wa pembeni, kisha hunyoosha mguu mpaka upitilize nyuzi 5 hadi 10 upande wa pili, kwa kuwa upande wa ndani huenda ukabaki nyuma tena. Baada ya hapo vidole hukaguliwa mara kwa mara: maumivu makali yasiyotulia, au kushindwa kuvinyanyua, huweza kuashiria msuli uliobanwa na uvimbe au mshipa wa fahamu ulioumia.

Langenskiöld wa Finland aligawa ugonjwa huu katika hatua 6 mwaka 1952. Katika hatua ya mwisho, upande wa ndani wa gegedu huwa umeziba kwa mfupa, na kukata mara moja hakutoshi: mguu hupinda tena kila mtoto anaporefuka.