Net Imekwama Saa ya Kulipa? Huenda Ruta Imejaa

Ukiishi Kibera au Kawangware, huenda umeliona hili: net ya ploti inakwama jioni nzima, halafu stima inapotea dakika kumi. Ikirudi, kila kitu kinafunguka fasta. Watu husema net "imepumzika". Kilichofanyika ni kwamba ruta imesahau, na kusahau ndiko kumeisaidia.

Ruta ni kompyuta ndogo. Zile za bei nafuu nyingi zina kumbukumbu ya MB 32 au 64 tu, na humo ndani lazima programu yake yote itoshee. Ploti nzima inatoka nje kwa anwani moja ya intaneti, kwa hivyo ruta huweka daftari, kama la mwenye duka anayekopesha: simu gani iliuliza nini na jibu lirudi kwa nani. Kila muunganisho ni mstari mmoja. Na simu moja haichukui mstari mmoja. WhatsApp ina wake, TikTok inafungua kadhaa, matangazo yana yao, hata ukiwa umeiweka simu mfukoni.

Tuchukue mfano wa ploti ya vyumba 14 kule Kawangware, yenye simu na TV 35 kwenye ruta moja. Tuseme kila kifaa kinashika mistari 60. Hiyo ni 2,100. Kama daftari lina nafasi 4,096, bado kuna nafasi, sivyo? Shida ni mistari iliyokufa. Jirani ametoka asubuhi kwenda kibaruani, simu yake imepotea kwenye waifai bila kuaga, na mistari yake imebaki. Ruta nyingi hutumia Linux, na muda wa kawaida wa Linux wa kungoja muunganisho wa TCP ulionyamaza ni sekunde 432,000, yaani siku 5. Watengenezaji wengine huupunguza, wengine wala. Mabaki ya jana na juzi yakifika 2,000, daftari limejaa. Mtu akianza kushusha filamu kwa torenti, mambo huharibika mapema zaidi, kwa sababu hiyo peke yake hufungua mamia.

Daftari likijaa, ruta haizimiki. Inakataa mistari mipya tu. Hapo ndipo utaijua: simu ya WhatsApp uliyoanza zamani inaendelea vizuri, lakini ukurasa mpya haufunguki, au unafunguka mara ya tatu. Taa zote zinawaka, alama ya waifai imejaa. Anayejua kuingia ndani ya ruta anaweza kukuta maneno haya kwenye kumbukumbu zake:

```
nf_conntrack: table full, dropping packet
```

Ukizima na kuwasha na net ikarudi vizuri, kisha ikachoka tena baada ya siku moja au mbili, shuku ruta. Lakini ikiwa hata baada ya kuwasha bado ni polepole kila saa mbili usiku, hapo bando la ploti ndilo dogo, na kuzima hakutasaidia.

Sasa, pesa. Ukibonyeza "Lipa" kwenye apu na duara linazunguka tu, mara nyingine ombi lako limeshafika na ni jibu ndilo limekwama. Usibonyeze tena. Ngoja SMS, kisha angalia salio. SMS hupita kwenye mtandao wa simu, si kwenye waifai, kwa hivyo ruta iliyojaa haiwezi kuizuia. Ikiwa salio halijaguswa na hakuna SMS, zima waifai na ulipe kwa menyu ya USSD, ambayo pia haihitaji intaneti. Mama mboga anayengoja pesa naye aamini SMS yake au salio lake, si skrini ya mteja. Na tafadhali, usikimbie kuchomoa ruta wakati jirani anatuma kodi.

Kwa mwenye ploti: watu wengi hununua kiongeza waifai wakidhani kitapunguza mzigo. Kinaongeza umbali, lakini simu zote bado zinapitia daftari lile lile la ruta ya kwanza. Afadhali uangalie kwenye mipangilio (mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1) kama kuna ratiba ya kujiwasha upya, uweke saa kumi alfajiri. Ikiwa haipo, taima ya soketi ya kuzima dakika tano saa hiyo inafanya kazi ile ile. Hiyo ni dawa ya maumivu tu. Vyumba vikifika ishirini, ruta yenye kumbukumbu ya MB 128 au zaidi ndiyo itakayokuacha ulale.