Faida Iko Rafuni

Binti mwenye duka la vitenge Kariakoo alifungua droo: shilingi milioni 2. Hesabu za kodi zilisema faida milioni 12.

"Mzee, hizo 10 nimezila lini?"

Mhasibu akachungulia rafuni. "Mwanangu, mzigo wako umeongezeka kwa milioni 6. Kitenge ambacho hakijauzwa bado si gharama, ni mali. Wateja unawadai milioni 3. Wamechukua kwa mkopo, lakini mauzo yameshahesabiwa."

"Na milioni 1?"

"Umerejesha mkopo. Riba hupunguza faida. Deni lenyewe halipunguzi, kwa sababu ulipokopeshwa hukutozwa kodi."

Binti akafungua daftari la madeni, akaanza kupiga simu. Kodi, kwa bahati mbaya, haipokei vitenge.