Chenga Inayomshinda Mwenye Mbio

Tarehe 12 Machi 1997, jijini Philadelphia, kijana wa miaka 21 aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa NBA alijikuta uso kwa uso na Michael Jordan. Kijana huyo ni Allen Iverson. Mwenyewe husimulia kwamba alimsikia kocha wa Chicago Bulls, Phil Jackson, akimwita Jordan amsogelee. Iverson akaupitisha mpira mbele yake, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, chenga fupi tu. Jordan akayumba kidogo kuifuata.

Ile chenga ya kwanza ilikuwa ya kumpima. Iverson alitaka kuona kama mlinzi ataifuata, na alipoona ameifuata, akairudia kwa ukubwa zaidi, bega zima likiinama upande ambao hakukusudia kwenda. Jordan akaenda na bega. Mpira ukarudi upande wa pili, Iverson akaruka, akatupa, ukaingia. Jordan alijitahidi kurudi na mkono wake ukaufikia karibu kabisa ule mtupo, lakini alikuwa amechelewa.

Iverson alikuwa na mbio za kutisha, hilo halina ubishi. Lakini ukiitazama picha ile tena, utaona kwamba kikapu kile hakikupatikana kwa mbio. Kuanzia chenga ya kwanza hadi mtupo alisogea hatua chache tu. Kilichomshinda Jordan ni mguu wake mwenyewe, uliokuwa umekwenda mahali pasipofaa.

Mlinzi mzuri hukaa na magoti yaliyokunjwa na miguu iliyopanuka kupita mabega, ili aweze kuteleza kushoto au kulia bila kupishanisha miguu. Akianza kwenda kushoto, hawezi kurudi kulia mpaka mguu wa kushoto utue chini, ubebe uzito wa mwili wote, kisha ndio umsukume. Hapo hakuna njia ya mkato, hata kwa mwanariadha hodari. Kwa hiyo chenga ya kubadili mkono, ile ambayo wachezaji wengi huiita krosova, ina wakati wake maalumu: mpira ubadili upande wakati mguu wa mlinzi ungali hewani au ndio kwanza unatua. Ukiubadili mapema, mlinzi bado amesimama imara na atakufuata kwa raha. Ukichelewa, ameshasimama imara tena.

Chenga ya kusita hutumia udhaifu wa aina nyingine. Mchezaji anakuja akidundisha mpira kwa mwendo wa wastani, halafu ghafla anapunguza. Kifua kinainuka, macho yanapanda kwenye ringi, na mkono usio na mpira unasogea kana kwamba anataka kuushika atupe. Mlinzi anaona mtupo unakuja, naye anainuka ili aukinge. Magoti yake yananyooka. Mguu ulionyooka hauna nguvu ya kusukuma. Lazima ukunjwe tena kwanza. Kabla haujakunjwa, mshambuliaji ameshaondoka. Siri yake ni kwamba yeye aliinua kifua na kichwa tu, magoti yake aliyaacha yamekunjwa muda wote.

Tuweke hesabu kidogo. Mtu akiona jambo, mwili wake huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla haujaanza kujibu. Ongeza muda wa kukunja magoti upya, tuseme mlinzi amepoteza sekunde 0.3. Mshambuliaji wa kawaida kabisa, anayekwenda mita 4 kwa sekunde, atakuwa amesogea mita 1.2 katika muda huo. Kama mlinzi alisimama umbali wa mita moja, basi bega la mshambuliaji limeshafika ubavuni mwake. Kutoka hapo mshambuliaji huegemea ndani na kuikata njia ya mlinzi, ili abaki mgongoni. Mlinzi anaweza kuwa na mbio kuliko yeye, lakini sasa itambidi ageuze nyonga, kisha azunguke, na akimgusa kutoka nyuma ataitiwa faulo. Kutoka mstari wa pointi tatu hadi kwenye ringi ni mita 6.75 kwa kanuni za FIBA. Ni safari fupi mno kwa mtu aliyeachwa nyuma kufidia muda alioupoteza.

Ndiyo maana namwona Luka Dončić kuwa mwalimu bora wa jambo hili kuliko Iverson. Mslovenia huyu si mkimbiaji wala mrukaji wa ajabu. Maabara ya michezo ya P3 huko Santa Barbara, California, ilimpima tangu alipokuwa kijana, na kilichoonekana cha pekee kwake ni uwezo wa kufunga breki: kutoka kwenye mwendo hadi kusimama, bila kuyumba. Wengi hufanya mazoezi ya kuongeza kasi na kusahau kwamba kasi ikibadilika kwa kushuka, mlinzi hutaabika vilevile.

Tarehe 24 Mei 2024, mjini Minneapolis, timu yake ya Dallas ilikuwa nyuma kwa 108 kwa 106, sekunde zikiyoyoma. Mbele yake alikuwa Rudy Gobert, mwenye urefu wa mita 2.16, ambaye mwezi huohuo alitajwa mlinzi bora wa NBA kwa mara ya nne. Dončić akamwendea akitishia kuingia ndani. Gobert akarudi nyuma kuilinda ringi. Dončić akafunga breki, akaruka hatua moja nyuma ya mstari, akatupa. Dallas wakashinda 109 kwa 108.

Lakini chenga hizi zina masharti. La kwanza ni kwamba mlinzi lazima awe na kitu cha kuogopa. Kama hujui kutupa kutoka mbali, mlinzi mwerevu atarudi nyuma mita mbili na kukungoja. Usite utakavyosita, hatainuka, kwa sababu mtupo wako haumtishi. Kabla ya kujifunza chenga ya kusita, jifunze kwanza kufunga kutoka pale unaposita.

La pili ni mkono. Katika kusita, wengi huuacha mpira ukae kiganjani huku kiganja kikiwa chini yake. Hapo kudundisha kumekwisha kikanuni, na ukiendelea, mwamuzi atapiga filimbi. Kiganja kibaki juu ya mpira au ubavuni mwake. Na unapobadili mkono, mpira usipande juu ya goti, maana ukidunda hadi kiunoni huwa hewani kwa muda mrefu zaidi, mbele ya mikono ya mlinzi.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye viwanja vyetu vya saruji, hata hivyo, ni la mwendo. Kijana anabadili mkono mara nne, tano, kwa kasi ileile, amesimama palepale. Watazamaji wanapiga makofi, mlinzi hajasogea. Au anabadili vizuri, kisha hatua yake ya kwanza inakwenda pembeni badala ya kwenda mbele, na mlinzi anapata muda wa kurudi. Hatua ya kwanza baada ya chenga ipite karibu kabisa na nyonga ya mlinzi, ikielekea kwenye ringi.

Utakapokwenda kutazama mchezo, ondoa macho kwenye mpira kwa dakika chache uyaweke kwenye magoti ya mlinzi. Utajua ameshapitwa kabla mwenye mpira hajaondoka.