Kaya 480, vijiji vingapi?

Tuseme unataka kujua ni sehemu gani ya kaya za wakulima wa Handeni na Korogwe inayopanda mbegu bora za mahindi. Swali la kwanza huwa ni hili: nihoji kaya ngapi? Wengi hukimbilia kanuni ya Cochran:

```
n = Z² × p × (1 − p) / e²
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384
```

Z ya 1.96 ni ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95. p ni uwiano unaoutafuta, na huwekwa 0.5 usipoujua kwa sababu ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. e ni kosa unaloweza kulivumilia, hapa asilimia 5 juu au chini. Hesabu ni sahihi, lakini ina sharti linalosahaulika: kila kaya iwe imechaguliwa peke yake, kwa bahati nasibu, kutoka orodha moja ya eneo zima. Orodha ya namna hiyo huna. Utakachofanya ni kuchagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya vijiji.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kaya za kijiji kimoja hufanana: mvua ni ileile, duka la pembejeo ni lilelile, bwana shamba ni yuleyule. Waliozunguka skimu ya umwagiliaji ya Mombo wana kilimo tofauti kabisa na wakulima wa nyanda kavu za Handeni, ila wao kwa wao hawaachani sana. Ukishahoji kaya kumi za kijiji, ya kumi na moja inakuongezea habari kidogo tu. Upungufu huo hupimwa hivi:

```
D = 1 + (m − 1) × r
```

m ni idadi ya kaya unazohoji kila kijiji, na r ni kiasi cha kufanana kwao. Tuchukue r ya 0.1, na bajeti inayotosha kaya 480. Ukienda vijiji 10 na kuhoji kaya 48 kila kimoja, D ni 5.7. Gawa 480 kwa 5.7, unabaki na nguvu ya kaya 84, na kosa la karibu asilimia 11. Ukienda vijiji 40 na kuhoji kaya 12 kila kimoja, D inashuka hadi 2.1, nguvu inafika kaya 229 na kosa linakuwa asilimia 6.5. Madodoso ni yaleyale 480. Kwa hiyo ukiwa na fedha za ziada, ongeza vijiji kabla ya kuongeza kaya. Ukitaka kulinganisha wilaya mbili, vijiji 20 kila upande, kosa la kila wilaya linakaribia asilimia 9. Korogwe ikipata asilimia 52 na Handeni 45, huwezi kudai kwamba zinatofautiana.

Kabla ya kuchagua vijiji, vigawe katika matabaka: Handeni, Korogwe tambarare, na Korogwe ya milima ya Usambara. Ndani ya kila tabaka, kijiji chenye kaya nyingi kipewe nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kisha chukua kaya 12 kila kijiji, na kila kaya ya tabaka hilo itakuwa na nafasi sawa.

Kijijini, anza na daftari la mtendaji, halafu kaa na wenyeviti wa vitongoji mfute waliohama na kuongeza waliohamia. Zikipatikana kaya 312, gawa kwa 12 upate 26. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 26, tuseme 9, kisha endelea na 35, 61, 87 hadi mwisho. Usiyemkuta mrudie jioni au kesho yake. Usimbadilishe na jirani aliyepo, kwa maana anayeshinda kwenye kibarua cha mkonge au aliyelala shamba la mbali analima tofauti na anayekutwa nyumbani.

Dodoso nalo lina mitego yake. "Mwaka jana ulivuna magunia mangapi?" ni swali bovu. Tanga ina masika na vuli, na gunia la mmoja ni lumbesa ya mwingine. Uliza msimu kwa msimu na shamba kwa shamba: ulivuna kwa kipimo gani, kipimo hicho kinaingia madebe mangapi, na mahindi mabichi mliyokula yalikuwa kiasi gani. Anayelima shamba hilo ndiye ajibu, awe mume au mke.

Lijaribu dodoso kwenye kijiji kisichomo katika sampuli, kisha panga majibu. Yakirundikana kwenye magunia 5, 10 na 20, ujue watu wanakadiria, na swali lako bado halijawasaidia kukumbuka.