Mabano Matano na Alama Moja ya Kutoa

Mwanafunzi akipewa (2x − 3)⁵ na kuanza kuzidisha mabano kwa mabano, karatasi hujaa hesabu kabla hajafika kwenye jibu. Njia fupi ni pembetatu ya namba ambayo wengi huiita ya Paskali, Mfaransa ambaye kitabu chake juu yake kilichapwa mwaka 1665. Hata hivyo, al-Karaji wa Baghdad aliijua zaidi ya miaka 600 kabla yake.

Kuichora ni rahisi. Kila mstari huanza na kuishia na 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Mstari wa kipeo cha nne ni 1, 4, 6, 4, 1; kwa hiyo wa tano ni 1, 5, 10, 10, 5, 1.

Hiyo 10 ya kwanza inatoka wapi? Mabano yako matano, na kila moja linatoa ama 2x ama −3. Kipande chenye x³ kinahitaji mabano mawili yatoe −3 na matatu yaliyobaki yatoe 2x. Bano la kwanza la kuchagua lina nafasi tano, la pili nne, lakini kila jozi imehesabiwa mara mbili: 5 × 4 ÷ 2 = 10. Pembetatu imekwisha kuwahesabia watu kazi hiyo.

Sasa kipande chenyewe: 10 × (2x)³ × (−3)², yaani 10 × 8x³ × 9, sawa na 720x³. Alama ni chanya kwa sababu −3 imezidishwa mara mbili. Ikizidishwa mara witiri, alama ya kutoa inabaki. Mara shufwa, inapotea. Ndiyo maana alama zinapishana:

32x⁵ − 240x⁴ + 720x³ − 1080x² + 810x − 243

Kosa linalowaangusha wengi ni kuyatupa mabano ya ndani mapema. Badala ya (2x)⁴, ambayo ni 16x⁴, mtu huandika 2x⁴, na 240 inageuka kuwa 30. Ni vyema mabano yabaki hadi kila kipeo kimekwisha kufanyiwa kazi.

Jibu hupimwa kwa kuweka x = 1. Upande wa kwanza ni (−1)⁵, yaani −1, na vipande sita vikijumlishwa lazima vitoe −1 vilevile. Kipimo hiki kinanasa alama iliyokosewa, lakini hakimnasi aliyebadilisha nafasi za 720 na 810, kwa kuwa jumla haibadiliki. Hapo x = 2 inasaidia zaidi: (4 − 3)⁵ ni 1, na jibu sahihi linatoa 1. Lile lenye namba zilizobadilishana linatoa 541.