Kibao cha Bei Nafuu na Mstari Unaotii

Anayenunua kibao chake cha kwanza cha kuchorea huangalia namba moja kwenye boksi: ngazi za mgandamizo wa kalamu. 8192 huonekana bora kuliko 4096, na 4096 bora kuliko 2048. Mkononi huwezi kuitambua tofauti hiyo. Kinachoamua kama mstari utakutii ni mambo matatu yasiyotajwa kwenye boksi: eneo la kuchorea linavyolingana na skrini, kalamu inavyopokea nguvu ya mkono wako, na kiasi cha kulainisha mstari. Yapange kwa utaratibu huohuo. Wanaoanza kuchora katuni za kompyuta hukimbilia hilo la tatu, na hapo hasara huanza, kwa sababu ulainishaji huficha kasoro za mawili ya kwanza bila kuziondoa.

Tuchukue Huion H640P, kibao kidogo kisicho na skrini. Eneo lake la kuchorea lina upana wa milimita 160 na kimo cha karibu milimita 100, na kalamu yake haihitaji betri. Tukiunganishe na laptopu ya Windows yenye Krita, programu ya bure inayochora na kuhuisha fremu kwa fremu. Mwenye XP-Pen au Gaomon atafuata njia hiyohiyo, ila majina ya vitufe yatatofautiana kidogo.

Kabla ya kuchomeka waya, ondoa draiva ya kibao chochote kilichowahi kutumika kwenye mashine hiyo, kisha uiwashe upya. Draiva mbili zikikaa pamoja hugombania kalamu, na dalili yake ni mshale unaorukaruka au mgandamizo unaokuja na kupotea. Draiva mpya ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Sasa weka kizibo cha soda juu ya kibao na ukizungushe kwa kalamu. Angalia skrini: umepata duara au yai? Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ni pana zaidi kwa umbo kuliko kibao hiki. Upana wa milimita 160 ukisambazwa kwenye pikseli 1920, kila milimita inapata pikseli 12. Kimo cha milimita 100 kwenye pikseli 1080 kinaipa kila milimita pikseli 10.8 tu. Kizibo cha milimita 30 kitatokea na upana wa pikseli 360 na kimo cha pikseli 324. Macho huona hitilafu, mkono hujaribu kuisahihisha, na mchoraji hudhani hajui kuchora. Dawa iko kwenye draiva, sehemu ya eneo la kazi: chagua uwiano wa skrini, au punguza kimo mwenyewe hadi milimita 90. Unapoteza sentimita moja ya kibao, na duara linabaki duara.

Mgandamizo una mlolongo wake: kalamu huupeleka kwa draiva, draiva kwa Windows, Windows kwa Krita, na Krita kwa brashi. Ukipata mstari wa unene mmoja hata ukikandamiza vipi, tafuta ulipokatikia. Fungua draiva kwanza. Ndani yake kuna sehemu ya kujaribu kalamu, na kiashiria chake kikipanda unapokandamiza, kalamu ni nzima. Kisha nenda Krita, `Settings > Configure Krita > Tablet settings`, ufungue `Tablet Tester`. Ikiwa huko mgandamizo haubadiliki, basi draiva na Krita hazizungumzi kwa njia moja. Krita inakupa njia mbili, `Windows Ink` na `WinTab`. Ukichagua ya kwanza, hakikisha `Windows Ink` imewashwa pia kwenye draiva. Ukichagua ya pili, izime. Funga Krita na uifungue tena, maana badiliko hilo halifanyi kazi papo hapo.

Na kama majaribio yote mawili yamefaulu lakini mstari bado hauna wembamba wala unene? Basi ni brashi. Baadhi ya brashi zimetengenezwa zisijali mgandamizo kabisa. Jaribu `Basic-5 Size`, ambayo ukubwa wake hufuata nguvu ya mkono.

Hatua inayofuata ni mkunjo wa mgandamizo, ule mstari wa mshazari unaouona kwenye ukurasa huohuo wa Krita. Chora mistari kadhaa kwa nguvu unayotumia kuandika kwa peni ya kawaida. Ikiwa hufikii unene kamili mpaka ukandamize hadi vidole viume, shika katikati ya mkunjo na uivute juu kidogo. Ikiwa mguso mdogo tu unatoa mstari mnene, uivute chini. Fanya hivyo mahali pamoja, ama kwenye draiva ama kwenye Krita. Ukigusa kote kuwili hutajua lipi limeharibu lipi.

Kabla ya kulainisha chochote, pima kibao chenyewe. Zima ulainishaji, laza rula kwa mshazari juu ya kibao na uifuate kwa kalamu, polepole sana. Kibao kizuri hutoa mstari ulionyooka. Baadhi ya vibao vya bei ya chini hutoa mawimbi madogo yanayojirudia kwa nafasi sawa. Rula haitetemeki, kwa hiyo mawimbi hayo si ya mkono wako. Chomoa chaja ya laptopu na urudie, kwa sababu umeme usiotulia unaweza kuvuruga kibao. Mawimbi yakibaki palepale, kirudishe dukani mapema.

Tumefika kwenye kulainisha. Chagua kifaa cha brashi, na kwenye `Tool Options` utaona `Brush Smoothing` yenye hatua kama `None`, `Basic`, `Weighted` na `Stabilizer`. Ile ya mwisho ndiyo yenye nguvu, na ndiyo yenye gharama. Hufanya kazi kwa kuchukua wastani wa sehemu ambazo kalamu imepita muda mfupi uliopita, kwa hiyo mstari huja nyuma ya kalamu na hukata kona.

Kwa picha moja hilo linavumilika. Kwa katuni, chukua zoezi la mpira unaodunda: fremu 24 kwa sekunde, kila mchoro ukikaa fremu mbili, yaani michoro 12. Ukiweka `Stabilizer` kwa `Distance` kubwa, duara ulilolizungusha haraka litatoka dogo kuliko ulilolizungusha taratibu, kwa kuwa kwenye mwendo wa kasi wastani unachukuliwa kwenye kipande kirefu zaidi cha duara na kuuvuta mstari ndani. Cheza fremu zako uone: mpira unavimba na kusinyaa hewani, ingawa kila mchoro peke yake ulionekana safi.

Kipimo ni chepesi. Chora duara moja la rafu, kisha kwenye leya ya juu lifuate mara mbili, mara ya kwanza polepole na ya pili haraka. La haraka likiangukia ndani ya la polepole, punguza `Distance` na urudie mpaka yakaribiane. Ukitaka kona kali zibaki, kwa mfano ncha ya sikio la paka, washa `Delay`. Hiyo huweka nafasi ndogo kuzunguka kalamu ambamo mstari hausogei, hivyo unaweza kusimama, kugeuza uelekeo na kuendelea bila kona kuviringika.

Rafu za mwendo zichore kwa `None` au `Basic`, maana hapo unahitaji kasi na mkono wako halisi. `Weighted` inatosha kwa mistari mingi ya mwisho, na `Stabilizer` iwekee mikunjo mirefu kama mkia au kitambaa kinachopeperuka. Macho na vidole vya mhusika viache bila hiyo. Ni vidogo mno, na ulainishaji mkubwa utavigeuza madoa.