Waifai ya Kamera Haina Intaneti

Kwenye sendoff moja Mbagala, keki haijakatwa, dada wa bibi harusi alinijia na simu mkononi. "Kaka, nirushie mbili tatu niweke status." Kamera yangu ni Sony A6000, toleo la mwaka 2014, na waifai inayo. Ilinichukua robo saa kurusha picha tatu, na kosa lilikuwa langu: nilidhani waifai ya kamera ni kama ya hotelini.

Ya hotelini ni mlango wa kutokea kwenda intaneti. Ya kamera ni chumba kisicho na mlango wa nyuma: ndani mna kamera na simu yako, basi. Kamera yenyewe ndiyo inayorusha mtandao, na simu inaingia kama mgeni. Bando haliguswi, na hata porini pasipo mnara picha zitapita.

Kwa A6000, unafungua picha, unaingia kwenye menyu na kuchagua `Send to Smartphone`. Kioo cha kamera kitaonyesha jina la mtandao linaloanza na `DIRECT-` pamoja na neno la siri. Unakwenda kwenye orodha ya waifai ya simu, unaligusa jina hilo na kuandika neno la siri, kisha unafungua programu ya `Imaging Edge Mobile`. Mara ya pili simu itakuwa inalikumbuka.

Mambo huharibika hapo kati. Simu za siku hizi zikiingia kwenye waifai yoyote hupima kwanza kama kuna intaneti. Ikikosekana, nyingine hukuuliza kama ubaki, na nyingine hurudi kimyakimya kwenye data ya laini. Ndivyo ilivyonifanyia yangu siku ile. Alama ya waifai ilijitokeza, ikapotea, huku kamera ikiendelea kusubiri na programu ikidai haioni kitu. Dawa yake ni kuzima data kabla ya kuanza, na simu ikiuliza, ukubali kubaki. Ukitaka uhakika, gusa jina la mtandao huo uone maelezo yake: anwani ya simu yako ikianza na `192.168.122`, umo ndani ya chumba cha A6000, na tatizo lililobaki ni la programu.

La programu mara nyingi ni ruhusa. Simu nyingi za Androidi huitaka programu iruhusiwe kujua mahali ulipo ndipo itafute waifai, kwa sababu majina ya mitandao ya jirani yanaweza kufichua ulipo. Kwenye Aifoni, tangu mwaka 2020, kuna ruhusa ya kuvifikia vifaa vya mtandao wa ndani. Ukiwahi kugusa "hapana" kwa haraka, ingia kwenye mipangilio uirudishe.

Sasa picha imefika, lakini ni ipi? Kamera hii inapiga picha za megapikseli 24. Programu, usipoigusa, inakuletea nakala ya megapikseli 2, yaani pikseli 1616 kwa 1080. Kwa status inatosha kabisa. Kwa kuchapa bango la ukutani, hapana. Kwenye mipangilio ya programu unaweza kuchagua ukubwa halisi, ila uwe na subira: picha ya megabaiti 8, kwa mwendo wa megabaiti 2 kwa sekunde, huchukua sekunde 4, na picha 300 za sherehe nzima zitakula dakika 20 na betri ya kamera. Kazi kubwa hivyo mimi huchomeka kadi kwenye kompyuta. Faili za RAW, kwa kamera hii, hazipiti zilivyo. Zinageuzwa kuwa JPEG kwanza.

Droni ndogo ya Tello nayo hurusha mtandao wake, jina linaanza na `TELLO-`, lakini yenyewe haina kabisa sehemu ya kadi. Picha zinahifadhiwa kwenye simu, na video unayorekodi ni yale yale yanayopita hewani unapotazama. Mawimbi yakidhoofika, kioo kikagandaganda, video nayo imeganda, na hakuna nakala safi kwingine. Droni zenye kadi ni tofauti: unachokiona kwenye simu ni cha kutazamia, na asili imo kwenye kadi.

Ukimaliza, zima waifai ya kamera na uwashe data, la sivyo utashangaa mbona Wasapu haitumi. Na kabla hujaifuta kadi, fungua maelezo ya picha moja iliyoko kwenye simu usome ukubwa wake. Ikisema 1616 kwa 1080, kadi usiiguse.